Presha isiyoshuka na mshipa wa figo uliobana: swali kutoka Masasi

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, yuko Newala, presha inamsumbua mwaka wa nne sasa na haishuki chini ya 180/100. Anameza amlodipini ya 10 na dawa ya kukojoa. Mwezi uliopita aliongezewa losatani ya 50. Baada ya wiki mbili kreatinini ikapanda kutoka 118 hadi 186, wakamwachisha. Altrasaundi inasema figo ya kulia ina sentimita 8.7 na ya kushoto 10.9. Alivuta sigara miaka mingi. Tumeambiwa huenda mshipa wa figo umebana, tumpeleke Dar akawekewe stenti. Tuuze mikorosho twende?"* (Mwalimu, Masasi)

Marahaba, mwanangu. Mikorosho msiiuze bado. Aliyeshuku mshipa wa figo ana sababu nzuri, hata mimi ningeshuku. Lakini kati ya kushuku na kuweka stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa ubaki wazi, kuna hatua kadhaa, na wagonjwa wengi huishia njiani wakiwa na vidonge vyao tu, bila kupungukiwa na chochote. Jambo jingine: inaelekea kila mtu huko anaitazama figo ya kulia kwa sababu ndiyo iliyosinyaa. Mimi naiulizia ya kushoto, na nitakueleza kwa nini.

Kila figo hupata damu kwa ateri yake, inayochomoza ubavuni mwa mshipa mkuu wa mwili, yaani aota. Mtu aliyevuta sigara miaka mingi, au mwenye kisukari, au aliyekaa na presha siku nyingi, hujenga utando wa mafuta na chokaa kwenye kuta za aota, na utando huo hupenda kukaa pale pale ateri ya figo inapoanzia. Njia ikizibwa nusu, figo haioni tofauti kubwa. Ikikaribia asilimia 70, damu inafika ikiwa imepoteza msukumo, na figo inadanganyika. Inaamini mwili umeishiwa maji, wakati mashine mkononi inasoma 180.

Hapo inaachia homoni iitwayo renini. Renini huanzisha mlolongo unaozalisha anjiotensini, na anjiotensini hubana mishipa mwili mzima, kisha huiamuru tezi iliyokaa juu ya figo itoe aldosteroni, ambayo huzuia chumvi isitoke na kuimwaga potasiamu kwenye mkojo. Presha inazidi kupandishwa mpaka figo ile ipate msukumo inaoutaka. Harry Goldblatt aliuonyesha ukweli huu mwaka 1934 kule Cleveland, Marekani: alibana ateri za figo za mbwa kwa vibano vidogo, na presha zao zikapanda na kubaki juu.

Sasa losatani inaingia wapi? Kila chujio dogo ndani ya figo lina mshipa unaoingiza damu na mwingine unaoitoa. Damu ikija bila nguvu, anjiotensini huubana ule wa kutokea, kama mtu anayeminya mdomo wa mpira wa kumwagilia ili maji yasikose msukumo. Kwa njia hiyo figo iliyobanwa huendelea kuchuja. Losatani humzuia anjiotensini kufanya kazi, mshipa wa kutokea unalegea, msukumo ndani ya chujio unaanguka, na uchafu kama kreatinini unabaki kwenye damu. Wenzake wa jamii ya kaptoprili na enalaprili hufanya vivyo hivyo. Si sumu, na mara nyingi dawa ikiachwa mapema hali hurudi ilivyokuwa.

Tufanye hesabu ya baba. Kupanda kwa kreatinini baada ya kuanza losatani ni jambo la kawaida, na sisi huvumilia hadi asilimia 30 bila kuiacha dawa. Kutoka 118 hadi 186 ni karibu asilimia 58. Kwa mwanaume wa umri wake, uwezo wa figo kuchuja umeshuka kutoka karibu mililita 60 hadi karibu 35 kwa dakika. Figo ya kulia yenye sentimita 8.7 ilishapungua nguvu zamani. Figo ya mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya sentimita 10 na 12, na tofauti kati ya kulia na kushoto ikivuka sentimita moja na nusu inahitaji maelezo. Yake ni sentimita 2.2. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa inabebwa na kushoto. Kama kushoto ingekuwa na mshipa mzuri, losatani ingeipunguzia kasi figo ile ndogo tu, kushoto ingeendelea kuchapa kazi, na kreatinini isingeruka namna hii. Maana yake, kuna kitu kilichoigusa figo ya kushoto katika wiki zile mbili. Ama ateri yake nayo imebana, ama lilitokea jambo jingine lililozipiga figo zote mbili kwa pamoja.

Hilo jambo jingine ndilo la kulichunguza kwanza, kwa sababu ni rahisi na halina gharama. Mwulize baba, au bora mwulize mama maana ndiye anayejua: katika wiki zile aliharisha? Alikuwa shambani juani kutwa bila kunywa maji ya kutosha, huku anameza dawa ya kukojoa? Na je, alikuwa anameza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo? Wazee wetu wengi wa msimu wa korosho huinama kuokota kutwa nzima, jioni wanapita duka la dawa kununua vidonge vya maumivu, na hawavihesabu kuwa ni dawa. Ukiwauliza wanakwambia wanameza za presha tu. Diklofenaki hupandisha presha yenyewe. Ikikutana na losatani na dawa ya kukojoa, hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuiangusha figo ambayo mishipa yake haina kasoro yoyote.

Swali la pili: kreatinini ilipimwa tena baada ya kuacha losatani? Hukuniambia, na ndilo jibu ninalolitaka kuliko yote. Kama ndani ya wiki mbili hivi ilirudi karibu na 118, basi losatani ilikuwa imelegeza msukumo tu na figo yenyewe ipo. Kama imebaki juu, au inazidi kupanda hata bila losatani, figo zinaumizwa na kitu kingine, na muda wa kukitafuta ni mfupi.

Kuna jingine ambalo vitabu vya nje hulitaja pembeni, lakini kwa mtu wa Kusini lazima liulizwe. Figo moja kusinyaa si lazima iwe mshipa wa damu. Mwambao wa Lindi na Mtwara umekuwa na kichocho cha mkojo miaka yote, na mtu aliyekojoa damu utotoni anaweza, miaka 40 baadaye, kubaki na kovu kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figoni. Mkojo unarudi nyuma, figo inavimba kwa muda mrefu, kisha inakufa na kunyauka. Mzee mwenye tezi dume kubwa naye mkojo humrudia figoni. Soma tena karatasi ya altrasaundi. Kama imeandikwa kwamba figo ina maji au imetanuka ndani, au kuta za kibofu ni nene, tatizo la kwanza ni njia ya mkojo na hadithi ya ateri inasubiri. Kama figo ya kulia ni ndogo lakini kingo zake laini na ndani hakuna maji, ateri inabaki kuwa mshukiwa.

Kuhusu presha yenyewe, daktari huita presha sugu pale inapobaki juu ya lengo mgonjwa akimeza dawa tatu za aina tofauti kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kukojoa, na akizimeza kweli. Baba sasa yuko kwenye mbili. Hilo halifuti shaka, kwa sababu dawa ya tatu ndiyo iliyoleta balaa. Ila hakikisha vipimo vyake ni vya kweli: akae akiwa ameegemea dakika tano, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kinamtosha mkono, na kipimwe mara mbili au tatu. Mzee aliyeshuka kwenye bodaboda na kuvikwa mashine hapo hapo atasoma 190 hata kama nyumbani ana 150. Uliza pia habari ya ng'onda na papa wa chumvi mezani, na habari ya uraka msimu wa mabibo ukifika. Sisemi hivyo kumsingizia mzee wa watu. Nimeona presha "zisizoshuka" zikishuka kwa kubadilisha kitoweo peke yake.

Tuseme yote hayo yamekaguliwa na presha bado iko pale pale. Zipo dalili chache ambazo zingenisogeza karibu zaidi na ateri. Potasiamu ya chini ni mojawapo, ingawa dawa ya kukojoa nayo huishusha. Mkojo usio na protini nyingi ni nyingine, kwa sababu figo iliyoharibiwa na kisukari huvuja protini, wakati figo yenye njaa ya damu kwa kawaida haivuji sana. Maumivu ya shavu la mguu akitembea, yanayopoa akisimama, yanaonyesha kwamba utando umeshaziba mishipa mingine. Daktari akiweka chombo chake juu kidogo ya kitovu na pembeni, wakati mwingine husikia mvumo wa damu inayopenya mahali pembamba. Akiusikia, una uzito, asipousikia haimaanishi kitu.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni hii: mgonjwa analala salama, usiku wa manane anaamka anatweta, hawezi kulala chali, anakohoa povu, presha iko juu sana, anakimbizwa hospitali, anachomwa lasiksi, asubuhi yuko mzima anaomba chai. Mapafu yalijaa maji kwa saa chache. Daktari akipima moyo anaukuta unasukuma vizuri. Mwaka 1988 Pickering na wenzake kule New York waliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii, na wengi wao walikuwa na ateri za figo zilizobana pande zote mbili. Sababu yake inaeleweka. Mtu mwenye upande mmoja mzima ana figo ya kumwaga chumvi na maji presha ikipanda. Mwenye pande zote mbovu hana, kwa hiyo maji yanajilimbikiza hadi yanapata njia mapafuni. Hukusema kama baba aliwahi kupatwa na hali hii. Nyumbani watu huiita pumu, au kurogwa, na haiandikwi popote. Uliza.

Hayo yote nimeyasema kwa mzee mvuta sigara. Kama mgonjwa angekuwa dada wa miaka 28, ningefikiria magonjwa mengine mawili: ule ambao ukuta wa ateri hujikunja wenyewe ukaonekana kama uzi wa shanga, na ule wa uvimbe wa kinga ya mwili unaoziba aota na matawi yake, ambapo mapigo ya mkono mmoja hupotea au presha ya mikono miwili hutofautiana sana. Matibabu yao ni tofauti kabisa na haya, nayo puto bila stenti huwasaidia wengi wa kundi la kwanza hata wakaacha vidonge. Baba yako si wa huko.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi ya dopla ya ateri za figo, na hapa nataka uwe makini, kwa sababu altrasaundi mliyofanya imepima ukubwa wa figo tu. Dopla hupima kasi ya damu. Damu ikipita mahali pembamba huenda mbio, kwa hiyo kasi ikizidi sentimita 200 kwa sekunde kwenye ateri ya figo, na ikiwa ni zaidi ya mara tatu na nusu ya kasi ya ndani ya aota, mbano una uwezekano mkubwa wa kuwa wa maana. Mpimaji mzuri huingia hadi ndani ya figo na kutazama wimbi la damu huko: ateri ikiwa imebana nyuma yake, wimbi huinuka polepole na kuwa fupi. Na kuna namba moja zaidi ya kumwomba aiandike, inayoonyesha ugumu wa mishipa midogo ndani ya figo yenyewe. Ikivuka 0.8, nyama ya figo imeshachakaa, na hata ukifungua ateri faida huwa ndogo.

Tabu ya dopla ni kwamba inategemea mkono wa mpimaji na tumbo la mgonjwa. Hewa ya utumbo huficha ateri. Baba aende asubuhi bila kula, na asipite kwanza kunywa soda. Ateri ya kushoto huwa ngumu zaidi kuiona, na nimesoma ripoti nyingi zinazosema "ateri ya kulia imebana" bila neno hata moja kuhusu kushoto. Ripoti ya namna hiyo kwenu haina faida. Kama kushoto hakukuonekana, iandikwe hivyo waziwazi. Anzeni Mtwara: ulizeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, au Ligula, kama yupo mtu anayepima dopla ya ateri za figo, si ya mimba wala ya miguu. Pigeni simu kwanza, msipande gari kwa kubahatisha.

Dopla ikishuku mbano, au ikishindwa kuona, kinachofuata ni siti skani ya mishipa kwa dawa ya kung'arisha inayochomwa kwenye mkono. Hiyo inaonyesha ateri zote mbili vizuri, na chokaa, na kama ipo ateri ya ziada. Shida ni kwamba dawa ya kung'arisha inaweza kuiumiza figo dhaifu. Kwa mtu mwenye uchujaji wa 60 siogopi sana. Kwa mwenye 35 nataka apimwe kreatinini upya kwanza, awe amekunywa maji ya kutosha au kuwekewa dripu, asiwe na diklofenaki mwilini, na kama anameza metifomini ya kisukari isimamishwe siku ile mpaka figo zipimwe tena baada ya siku mbili. Emarai, ile ya sumaku, nayo inawezekana, ingawa huwa na tabia ya kuonyesha mbano kuwa mkubwa kuliko ulivyo. Kuingiza katheta, yaani mrija mwembamba, na kupiga picha ndani ya ateri ndicho kipimo cha mwisho, na hufanywa kama tayari kuna nia ya kutibu siku hiyo hiyo. Hapo daktari hupima tofauti ya presha kabla na baada ya mbano. Tofauti ya 20 kwa presha ya juu humwambia kuwa mbano unaoonekana kwa nusu tu, kwenye asilimia 50 au 60, kweli unainyima figo damu. Picha peke yake inadanganya hapo.

Sasa stenti. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, madaktari wa Ulaya na Marekani waliweka stenti hizi kwa wingi, kwa mantiki ambayo wewe na mimi tungeikubali: mshipa umebana, ufungue. Kisha yakaja majaribio makubwa mawili. ASTRAL, iliyotoka mwaka 2009, iliwagawa wagonjwa 806 kwa bahati nasibu, nusu stenti na dawa, nusu dawa peke yake. CORAL, ya mwaka 2014, ilifanya hivyo kwa 947. Vifo, kiharusi, mshtuko wa moyo na figo kufa vilitokea karibu sawasawa pande zote mbili. Katika CORAL presha ya juu ya walioweka stenti ilikuwa chini kwa kama 2 tu. Na jambo ambalo wengi hawalikumbuki: wagonjwa wa CORAL walipewa kandesatani, ndugu yake losatani, pamoja na dawa nyingine za presha na ya mafuta, na wengi waliivumilia. Kwa hiyo mtu anayesema mwenye ateri iliyobana kamwe asiguse losatani amekosea. Anaweza kuimeza, akipimwa.

Majaribio hayo yana mpaka wake. ASTRAL iliwachukua wale ambao daktari wao hakuwa na hakika kama stenti itawafaa. Wale waliokuwa wanajaa maji mapafuni kila mwezi, au figo zikizama mbele ya macho, wengi walipelekwa moja kwa moja kufunguliwa na hawakuhesabiwa humo. Ndiyo maana mpaka leo stenti inabaki kwa wachache: anayejaa maji mapafuni ghafla kwa kurudiarudia, ambaye figo zake zinashuka haraka huku ateri zote mbili zimebana, au ateri ya figo pekee inayofanya kazi, na ambaye presha imekataa kabisa baada ya dawa kujaribiwa kwa dozi kamili. Hata hawa, mbano uwe mkubwa, asilimia 70 au zaidi, na figo iwe bado ina uhai.

Rudi kwa baba. Kipimo kikionyesha ateri ya kulia tu ndiyo iliyobana na kushoto ni safi, mimi nisingempeleka kuwekewa stenti. Figo ya kulia imepoteza sehemu kubwa ya nyama yake, kuifungua hakuirudishi, na ile kreatinini tungeitafutia sababu nyingine, diklofenaki ikiwa ya kwanza. Baada ya figo kutulia ningemrudishia losatani kwa 25 badala ya 50, dawa ya kukojoa ikipunguzwa kama amekauka, na kreatinini pamoja na potasiamu zipimwe baada ya wiki moja hadi mbili. Ikipanda chini ya asilimia 30 na kutulia, tunaendelea.

Ateri ya kushoto ikikutwa imebana asilimia 80, picha inageuka. Huyo sasa ni mtu anayeishi kwa figo moja, na mlango wa figo hiyo unafungwa. Hata hapo sisemi stenti kesho. Kama kreatinini imerudi 118 na kukaa hapo, mapafu hayajawahi kujaa, na presha inashuka kwa amlodipini, dawa ya kukojoa iliyorekebishwa na ya tatu isiyo losatani, kwa mfano kavedilo au doksazosini, anaweza kufuatiliwa kila miezi mitatu. Ila kama kreatinini inapanda kutoka pimo hadi pimo, au amewahi kuamka akitweta, basi ateri ya kushoto ifunguliwe, na isicheleweshwe mpaka kreatinini ifike 400, maana hapo faida imeshapita. Na kama ateri ya kulia imeziba kabisa, iacheni. Kuipenyeza waya ateri iliyokufa ili picha ipendeze ni kumwumiza mgonjwa bure.

Kazi yenyewe hufanyika penye maabara ya katheta, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mgonjwa anakuwa macho. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye kinena au kifundo cha mkono hadi kwenye ateri ya figo, puto linatanuliwa, na stenti, kijibomba cha wavu wa chuma chenye upana wa milimita 5 hadi 7, kinaachwa mdomoni mwa ateri hiyo. Baadaye anameza aspirini pamoja na klopidogreli kwa muda atakaopangiwa. Yanayoharibika nayo myajue kabla ya kusaini: kuvuja damu kinenani, ukuta wa ateri kuchanika, figo kuumizwa na dawa ya kung'arisha, na ule utando wa mafuta kumeguka na kushuka, ukaziba mishipa midogo ya figo au vidole vya miguu vikawa vya buluu. Hilo la mwisho ndilo humfanya mtu atoke na figo mbaya kuliko alivyoingia. Stenti nayo huweza kubana tena ndani ya miezi, kwa hiyo dopla hurudiwa. Na msimwahidi baba kwamba ataacha vidonge. Kwa ugonjwa wa utando wa mafuta, mafanikio mara nyingi ni kutoka vidonge vinne hadi vitatu, au presha ile ile isiyoshikika kuanza kushikika.

Wiki hii fanyeni haya: kreatinini na potasiamu vipimwe upya hapo hapo Newala au Ndanda, mkojo upimwe protini, diklofenaki iondoke nyumbani, na daktari wake amwanzishie atovastatini, dawa ya mafuta, kama hajaanza, kwa sababu mtu mwenye utando kwenye ateri ya figo anao na kwenye moyo na shingoni, na huko ndiko wengi wao hupatwa na lililo baya zaidi. Kama bado anavuta, sigara iishe. Losatani asirudishe mwenyewe kwa sababu presha imepanda. Pesa ya sasa iwe ya dopla na nauli ya Mtwara. Ya Dar mtaijadili mkiwa na ripoti iliyotaja ateri zote mbili.

Isipokuwa kwa jambo moja. Akiamka usiku anatweta, msimlaze. Akae wima, miguu ining'inie, apelekwe hospitali iliyo karibu usiku ule ule, na mtakapofika mwambieni daktari wa zamu kabla hajaandika pumu: presha haishuki, figo moja ndogo, kreatinini ilipanda kwa losatani. Akipata nafuu, msikubali kurudi nyumbani bila barua ya rufaa kwa daktari wa figo au wa moyo, kwa maana hapo huhitaji tena kungoja miezi mitatu ya ufuatiliaji.